Kofi la Katikati

Saray alichoshwa na sifa alizokuwa akimwagiwa binamu yake Jacoba. Katika kikundi chao cha flamenko, ngoma ya Kihispania, pale mjini Jerez, Jacoba alipiga makofi kwenye mapigo tu, moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayepigilia misumari. Saray ndiye aliyepiga katikati, kwenye "na" ya moja-na-mbili-na, na hapo ndipo Nieves, mcheza ngoma wao, alipopandwa na mori wa kucheza.

"Shangazi, huyu ana kazi gani hapa?" Saray alimuuliza Remedios, mwalimu wao, akimnyooshea Jacoba kidole.

"Haya, Jacoba, acha. Na wewe Saray, mguu usigonge chini. Tupe makofi yako peke yake."

Saray akaanza kwa mbwembwe, mahali palepale, kasi ileile. Punde Nieves akashusha mikono.

"Mbona umehamia kwenye pigo?"

"Sijahama!"

"Hujahama, mama, ila ndivyo tunavyosikia," alisema Remedios. "Sikio hungoja kofi kwenye pigo. Wewe unalichomekea kabla halijajiandaa, linashtuka, mwili unaruka. Sasa pigo halipo, sikio linashtushwa na nini? Limelichukua kofi lako likalifanya ndilo pigo."

Saray akamgeukia Jacoba, aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti.

"Rudi basi."

"Niombe vizuri."

"Tafadhali, dada."

Jacoba akamaliza mbegu zake kwanza, zote, moja moja, huku mikono ya Saray ikingoja hewani.