Jina Ambalo Mavyaa Ataweza Kulivaa

Watu wa Msambweni wakitaka kumsema mtu bila kufungua kinywa, walikuja kwangu. Mimi Mejumaa ndiye niliyewatungia majina ya leso, yale maneno yanayoandikwa juu ya pindo la chini, na sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari. Kila baada ya miezi kadhaa Boga mwenye duka alipeleka karatasi yangu Mombasa kwa wauzaji wa jumla, nao wakaituma ng'ambo kwenye viwanda. Maneno yetu yalirudi yamepigwa chapa juu ya maua ambayo hatukuyachagua, doti ishirini kwa kila jina, maana chini ya hapo hawakubali. Zilikuwa hazimalizi wiki mbili dukani.

Mwenyewe nilikuwa nimeachwa mwaka wa hamsini na saba, na tangu siku hiyo sikupata kujifunga leso isiyokuwa na mwiba.

Mwaka wa sitini na nne, leso zote mpya zikiwa na bendera na neno Uhuru, Chande alimpa talaka moja rafiki yangu Mwanapili. Walikuwa wamekaa miaka kumi na saba. Hapakuwa na kipigo wala matusi. Chande alianza kusema kidogo, kisha akanyamaza, kisha siku moja akaita mashahidi wawili na kuyasema aliyokuwa akiyanyamazia. Kulikuwa na binti wa Diani aliyekuwa amemtia moyoni, na hilo tulilijua sote, ingawa yeye alidhani amelificha.

Mwalimu wa msikiti alimweleza Mwanapili akalie eda pale pale nyumbani kwa mume, mpaka apate hedhi na kutwaharika mara tatu. Muda huo Chande alikuwa na haki ya kumrejea kwa neno tu. Ukishapita, angetaka posa na mahari na ndoa mpya kama mtu baki. Kwa hiyo Mwanapili alihamisha mkeka wake chumbani kwa mavyaa wake, Bi Nyamvula, mamake Chande, akaketi humo akisuka ukili wa mikeka. Hakuwa akitoka bila ya haja.

Nilikwenda kumjulia hali wiki ya kwanza. Bi Nyamvula alikuwa uani akipepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia, mwenzio yumo ndani. Usimlize, tafadhali."

Mwanapili hakuwa analia. Aliniambia anataka jina la leso, nami nikafurahi kama aliyeitwa karamuni. Nilikuwa nayo manne tayari kichwani, na la kwanza nililitoa papo hapo: ULIYEMWACHA KAPONA, ULIYEMWOA UTAMJUA.

Akacheka. Kisha akatikisa kichwa.

"Zuri, Mejumaa. Lakini mama hataweza kulivaa."

"Mama gani?"

"Mama huyu." Akaonyesha uani kwa kidevu. "Nataka doti moja tugawane, kipande kwangu na kipande kwake."

Doti ni vipande viwili pacha, na watu wawili wakigawana doti moja, kila aonaye anajua kuwa hao ni wa ndani. Mama na binti hufanya hivyo, na marafiki wa chanda na pete. Lakini mke akishaachwa, mama wa mume huwa ni mama wa mwanamume fulani tu. Mwanapili alifiwa na mamake kabla ya kumjua sura, na alipoolewa ndipo alipopata mtu wa kumwita mama akaitika. Sasa eda ikiisha angeondoka kwenda kwa kaka yake Majoreni, na hakujua kama mama huyo atabaki wake. Leso ndiyo ingekuwa swali, na Bi Nyamvula kuivaa au kuiweka sandukuni ndiyo ingekuwa jawabu.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hii: jina la mwanamke aliyeachwa, ambalo mama wa aliyemwacha ataweza kujifunga na kupita nalo sokoni. Nilidhani ni jambo la dakika mbili. Lilinichukua siku tisa, na nilikasirika zote tisa.

Nilipeleka MLANGO WANGU U WAZI MWENYE HERI APITE. Akasema, "Hilo linatafuta mume. Mimi sina haraka. Na mama atakuwa anamtafuta nani?" Nilipeleka jingine lililoanza na "wewe". Akasema leso hubebwa mgongoni, anayeisoma ni yule uliyekwisha kumpita, na "wewe" ya leso humpata yeyote aliye nyuma, hata asiye na kosa. Mimi niliyetunga majina mangapi sikuwahi kuliwaza hilo. Nikapeleka WEMA WETU HAUKUPEWA TALAKA, nikiwa na hakika nimefika. Alilirudia polepole.

"Ondoa talaka," akasema. "Neno hilo limekwisha kutamkwa mara moja katika nyumba hii. Latosha."

Mwishowe tulilipata pamoja, yeye akisuka na mimi nikihesabu maneno kwa vidole, maana jina refu haliingii katika kijisanduku chake: MEMA TULIYOTENDEANA YANGALI YETU. Halikuwa na mwiba wala ombi. Nikamwonya kwamba Chande akilisoma eda ikiwa bado atadhani anaombwa arejee. Akasema hatalivaa mpaka eda iishe, na leso zenyewe hazitakuja kabla ya hapo.

Yeye na Bi Nyamvula walisoma Kurani, na herufi za Kiarabu walizijua vyema, lakini hizi za Kizungu ambazo leso zilikuwa zimekwisha kuhamia hawakuzijua. Mimi nilijifunza kwa masista waliokuwa na zahanati. Kwa hiyo kuandika na kupeleka dukani kuliachwa mikononi mwangu.

Njiani nikakutana na Chande. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza habari za nyumbani kama kwamba hakuna lililotokea duniani. Laiti angenitukana. Nikaingia kwa Boga. Nikaichukua kalamu nikaandika: ULIYEMWACHA KAPONA, ULIYEMWOA UTAMJUA. Nikampa karatasi nikatoka. Nilijiambia kwamba Mwanapili ni mpole mno na kuna siku atanishukuru.

Sikukaa na raha hata wiki moja. Lakini karatasi ilikuwa imekwenda Mombasa, na kutoka Mombasa melini, na mimi ni mtu mwenye kiburi, nikanyamaza.

Eda ikaisha. Chande hakumrejea, wala Mwanapili hakumtazamia. Siku ya kuondoka alifagia chumba cha mavyaa wake, akajaza mitungi maji, akamwomba Chande radhi kwa yote aliyomkosea na kumsamehe aliyokosewa. Chande alibaki mlangoni akiangalia miguu yake. Bi Nyamvula alimsindikiza hadi njia kuu, mzigo kichwani mwa mmoja na kapu mkononi mwa mwingine, na mimi nyuma yao. Hakuna aliyesema jambo kubwa. Walizungumza habari za mbegu za muhogo.

Leso zilikuja baada ya miezi miwili. Boga aliniita, akaikata kamba ya mtumba, na maneno yangu yakanitazama mara arobaini, mara moja kwa kila kipande. Yalikuwa na rangi ya damu ya mzee. Chande alikuwa amekwisha kumwoa yule binti wa Diani, na mji mzima ulijua kwamba Mwanapili ameagiza leso. Nani angeamini kuwa si yeye aliyesema? Na kubwa zaidi: ningempelekea Mwanapili doti yake, angeikata na kupinda pindo, angempa mama kipande chake kwa mikono miwili. Mama, kwa kuwa hajui kuisoma, angeivaa kwa furaha. Angepita Msambweni nzima akimlaani mwanawe na mkewe mpya kwa mgongo wake mwenyewe.

Nilimsihi Boga asizitandaze. Alininung'unikia, kisha akazifunga akazipeleka Lunga Lunga, ambako hakuna amjuaye Chande. Nasikia zilimalizika Ijumaa ileile. Doti moja niliichukua nikaenda nayo Majoreni, kwa sababu uongo nilikuwa nimekwisha kuusema kwa maandishi na sikutaka kuusema tena kwa kinywa.

Mwanapili alinikaribisha, akaipokea leso, akaipapasa, akaisifu rangi. Nikamwambia, "Jina si lile."

"Ni lipi?"

Nikamsomea. Sikuwahi kuona aibu kwa kusoma kazi yangu mwenyewe mpaka siku hiyo. Nikangoja anifukuze. Nilistahili.

"Mejumaa," akasema, "uliachwa mwaka gani?"

"Hamsini na saba."

"Basi hili ni lako. Halikuwa langu hata kidogo." Akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima, akanipa. "Livae mpaka ulichoke. Mimi sikukasirikii, lakini sitakubebea."

Nililia mbele yake, nikaipokea.

Hakuagiza nyingine. Alinunua kitambaa cheupe, akakikata vipande viwili sawa, akaketi mlangoni kwa kaka yake na sindano na uzi mwekundu. Alishona pindo, kisha akashona lile jina tulilolipata pamoja kwa herufi za Kiarabu, kama leso za zamani za bibi zetu, ambazo yeye na Bi Nyamvula wangeweza kuzisoma bila kumwomba mtu. Herufi mbili alizifumua akazirudia kwa kuwa zimepinda. Nilimwambia hakuna atakayeona. Akaendelea kufumua. Kipande cha kwanza kilimchukua wiki tatu, na kilipokwisha aliniomba nikipeleke.

Bi Nyamvula alikipokea kwa mikono miwili, akakisogeza mwangani, akasoma kwa midomo bila sauti. Kisha akakikunja akaingia nacho ndani. Aliporudi aliniuliza tu kama nimekula. Nilirudi na tumbo limejaa wali na moyo mtupu, nikamweleza Mwanapili yote. Akatia uzi katika sindano akaanza kipande chake.

Mwezi ukapita, na wa pili ukaanza. Sikuthubutu kumuuliza anawaza nini.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nimemtembelea na tunachambua mboga, Bi Nyamvula akaingia uani Majoreni kwa miguu, kapu la mbegu kichwani, amejifunga kile kitambaa cheupe. Vumbi la njia lilikuwa limefika magotini. Mwanapili akasimama.

"Nimechelewa," Bi Nyamvula akasema, akitua kapu. "Nilikuwa nimeketi na Chande. Sikutaka kuivaa kwa kujificha. Nilitaka aisome kwanza, aizoee."

"Alisemaje, mama?" Mwanapili akauliza.

"Aliniuliza nani kaishona. Nikamwambia, 'Mwanangu.' Akasema, 'Mama, umenizaa mimi peke yangu.' Nikamwambia, 'Wa kiume, ndiyo.'"