Video Iliyokatikia Ubeti wa Tatu

Namalwa alirekodi wimbo wake kule Kamere. Ubeti wa tatu ulisimulia jinsi dada yake, Celestine, alivyomfungia mlango. Wa nne, wa mwisho, ulisimulia jinsi dada huyo huyo alivyomfuata na kumrudisha nyumbani. Kwa simu aliunganisha sauti na picha moja ya kava, akapandisha video mtandaoni, akatuma linki kwa grupu ya familia. Ndipo akaisikiza. Kwenye programu ya kuhariri, hakuwa ameirefusha picha hadi mwisho wa sauti, kwa hivyo picha ilipoishia, wimbo nao ukakatwa. Ubeti wa nne haukuwepo.

Video iliyopanda haibadilishwi kwa linki ile ile, basi akaifuta haraka. Akairefusha picha, akabonyeza video itengenezwe upya. Kabla haijafika nusu, Celestine, aliyeiwahi kabla haijafutwa, akapiga simu.

"Kwa hivyo mimi ni wa kufunga milango tu?"

"Imekatika, dada. Bado ubeti mmoja, naitengeneza upya."

"Ati imekatika. Imejua sana pa kukatikia."

Namalwa akauimba ubeti wa nne hapo hapo kwa simu.

"Hiyo mpya," Celestine akasema, "nitumie mimi kwanza."