Profaili ya Bwana Mifugo

Laurenti aliingia saluni kwa dada yake Jumatatu mchana, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuulizia bei ya jeneza. Upepo wa Agosti ulimsukuma mpaka ndani na vumbi lake lote, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

"Shikamoo kaka," alisema Leah, bila kuacha kufunga rola kwenye kichwa cha mteja.

"Marahaba. Nina shida."

Zabibu, aliyekuwa akisuka pembeni, akaongeza kasi ya vidole. Zabibu na Leah walikuwa wameifungua saluni ile pamoja, na kwa miaka sita hakuna shida ya mtu iliyopita pale bila Zabibu kuionja.

Shida yenyewe Laurenti aliieleza akiitazama sakafu. Alikuwa bwana mifugo, miaka thelathini na sita, nyumba yake mwenyewe Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, pikipiki ya serikali, afya nzuri. Tangu Machi alikuwa kwenye ile programu ya wachumba ya kwenye simu. Unaona picha ya mtu, ukimpenda unambonyezea moyo, naye akikubonyezea moyo mnapata mechi na mnaweza kuandikiana. Rahisi. Miezi mitano, mechi moja. Na huyo mmoja, mara tu walipopatana, akamwuliza dawa ya kideri cha kuku. Kuku wakachanjwa, mwanamke akatoweka.

"Sasa nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Kasoro iko kwenye simu, au kasoro ni mimi?"

Zabibu alikuwa ameshavuta pumzi ya kucheka, lakini alimwona macho akaimeza. Leah naye aliuona ule uso. Aliujua tangu utotoni, uso wa mtu aliyekwisha kujihukumu na amekuja kuchukua nakala ya hukumu.

"Lete simu," alisema.

Laurenti alitaka kufuta kila kitu aanze upya. Leah akakataa. Mteja akija nywele zinakatika, alisema, humbadilishii dawa, mafuta na draya siku moja, kwa sababu zikipona hujui kilichoziponya, na zikizidi kukatika hujui kilichoziua. Unajaribu kitu kimoja, kipande kidogo nyuma ya sikio, unasubiri. Kwa hiyo wangeanza na picha. Zikishindwa, maelezo. Yakishindwa, setingi. Na katika muda wote huo asimbonyezee moyo mtu yeyote, asije akavuruga jaribio.

"Na vyote vitatu vikishindwa?" aliuliza Laurenti.

Leah alifungua picha.

Ya kwanza ilikuwa ya harusi ya binamu yao kule Sepuka: wanaume tisa wa kamati, mashati ya kitenge kimoja, suruali nyeusi, wote wamekunja mikono.

"Wewe ni yupi hapa?" aliuliza Zabibu.

"Si huyu wa nne."

"Mwanamke atajuaje? Ataona timu ya mpira."

Ya pili ilikuwa pasipoti, ukuta wa bluu, macho yametoka kana kwamba mpiga picha amemtajia deni. Ya tatu alikuwa kwenye pikipiki na helmeti kichwani, kioo kimeshushwa. Kisha ikaja ya nne, na hapo saluni ikavunjika. Laurenti alisimama nyuma ya ng'ombe, tabasamu zuri kabisa, meno yote, na mkono wa kushoto, ndani ya glovu ndefu ya plastiki, ulikuwa umezama ndani ya yule ng'ombe mpaka begani.

Zabibu alidondosha kitana. Mteja wa rola aliomba aonyeshwe, akaonyeshwa, akajishika mbavu. "Mama yangu! Kaka, unamwita mke au unamtisha?"

"Ni uhimilishaji, kumpa ng'ombe mbegu bila dume," alisema Laurenti kwa heshima ya kazi yake. "Ni picha yangu nzuri kuliko zote. Nimecheka."

"Umecheka, ndiyo," alisema Leah akifuta machozi, "lakini ng'ombe hakucheka."

Basi wakamtoa nje, kwenye mwanga, wakamvua jaketi la kazi, wakampaka mafuta usoni akipiga kelele. Zabibu akampiga picha arobaini na mbili, akimtukana kwa upendo ili acheke. Wakachagua tatu: uso peke yake, mwili mzima, na moja akiwa amembeba mwanambuzi wa jirani, maana bwana mifugo ni bwana mifugo. Zile nne za zamani zikafutwa. Maelezo hayakuguswa.

Wakasubiri siku tano. Kwa mioyo iliyoingia, programu iliandika sifuri.

Jumamosi Laurenti alirudi, mabega yameshuka kidogo. Leah hakutikisika. Alifungua maelezo, akayasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mazishi:

"'Mimi ni mwanaume mwenye stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Natafuta mke mwema, mcha Mungu, mnyenyekevu, mchapakazi, asiye na makuu, asiyependa vipodozi wala nywele za bandia. Wasio na nia ya dhati wasinisumbue.'"

Saluni nzima ilikuwa imejaa vipodozi na nywele za bandia. Hata ada ya chuo iliyompatia Laurenti stashahada ile, muhula wa mwisho, ilikuwa imetoka kwenye rasta.

"Kaka," alisema Leah polepole, "nikupige sasa hivi au nimalize kwanza kuseti?"

"Niliandika tu. Wenzangu wote wanaandika hivyo."

"Ndiyo maana wenzako wote wanapika wenyewe," alisema Zabibu. "Hili ni tangazo la kazi, tena kazi isiyo na likizo. Wewe mwenyewe uko wapi humu? Unapenda nini?"

Laurenti alifikiri mpaka masikio yakapata moto. Alipenda uji wa ulezi, alisema. Alipenda kuwapa ndama majina. Alipenda kuimba sauti ya tatu kwenye kwaya, ingawa alikuwa hajui kuimba, na wenzake walimvumilia kwa sababu ndiye aliyewatibia mbuzi.

"Andika hayo hayo," alisema Leah, na akaandika, mistari minne, mwisho akaweka swali: Wewe ungemwitaje ndama mwekundu mwenye doa jeupe? "Sasa hata asiyejua aanzie wapi ana pa kuanzia."

Yalikuwa maelezo matamu. Laurenti mwenyewe aliyasoma mara mbili, akatamani kumjua mtu yule. Wakasubiri tena siku tano.

Sifuri.

Alhamisi ile alikuja akiwa ametulia, na utulivu wake ndio uliomtisha Leah. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaiweka simu mezani kati ya kopo la mafuta na vitana.

"Basi jibu limepatikana," alisema. "Picha nzuri, maneno mazuri. Kilichobaki ni mtu mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimejitembeza miezi mitano, inatosha. Nifutieni tu hii kitu."

Ilimuuma kusema, na aliona haya kwamba ilimuuma. Alikuwa amezoea kuwa mtu anayeitwa usiku wa manane pale ng'ombe anaposhindwa kuzaa, mtu anayepewa kuku wa shukrani na kiti cha mbele. Lakini hakuna aliyewahi kumwita kwa ajili yake mwenyewe. Moyoni alikuwa amekwisha amini kwamba hakuna atakayemwita.

"Tulisema vitu vitatu," alisema Leah.

"Setingi ni setingi tu."

"Sikiliza, daktari wa ng'ombe. Ukifika kwenye boma, ng'ombe mmoja hanywi maji, unamwangalia nani?"

"Ng'ombe."

"Na wote arobaini wasiponywa?"

"Naangalia birika la kunyweshea," alisema Laurenti.

"Ehee! Mtu mbaya hupata mmoja, wawili. Hata mlevi wa stendi ana mchumba. Siku kumi, picha ile, maneno yale, sifuri kavu? Hiyo si kukataliwa, kaka. Hapo kuna kitu kimeziba."

Aliingia kwenye mipangilio, Zabibu akiegemea bega lake. Wakapita moja moja, hawakuruka. Anatafuta wanawake: sawa. Umri, miaka ishirini na nane mpaka arobaini: sawa. Umbali, kilomita themanini: unafika mbali, sawa. Mahali alipo, Singida: sawa. Kisha Leah akasimamisha kidole.

"Hapa pameandikwa, 'Wanaoniona.' Kuna 'Kila mtu' na kuna 'Niliowabonyezea moyo tu.' Kaka, kwa nini umechagua hii ya pili?"

Laurenti aliinama, akasoma. Uso wake ukapita rangi zote za mtama.

"Kwaresima," alisema.

"Kwaresima nini?"

"Nilijiunga Jumanne. Kesho yake ikawa Jumatano ya Majivu. Nikajiuliza nitajinyima nini mwaka huu, pombe sinywi. Nikasema nitajinyima kujionyesha. Nikajificha. Nikawa siifungui kabisa. Pasaka ikafika, kesho yake tukaanza chanjo ya sotoka ya mbuzi, wiki tatu porini. Niliporudi nikaendelea tu na kubonyeza mioyo. Nilisahau kujifungulia."

Zabibu aliketi sakafuni, bila kuangalia pa kukaa. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akagonga sakafu kwa kiganja. "Kizuri chajiuza, anasema! Kikiwa dukani, kaka! Wewe ulijifungia stoo, na ufunguo ukaumeza!"

Lakini Leah hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua orodha ya watu ambao kaka yake aliwahi kuwabonyezea moyo, akihesabu kwa kidole.

"Umebonyeza wangapi tangu Pasaka?"

"Si wengi. Naona aibu."

"Kumi na mmoja. Maana yake dunia nzima, wanawake walioweza kukuona ni kumi na mmoja tu." Alimtazama. "Na walikuona na ile picha ya ng'ombe. Na yale maneno ya vipodozi. Na bado mmoja alisema ndiyo."

Laurenti aliirudia ile hesabu kimoyomoyo, mara ya kwanza, mara ya pili. Mmoja kati ya kumi na mmoja, mkono ukiwa ndani ya ng'ombe. Akacheka, cheko kubwa la hovyo lililomtoa machozi mbele ya wateja, wala hakujali.

"Bonyeza wewe," alisema Leah, akimpa simu.

Alibonyeza "Kila mtu." Hakuna lililotokea kwa dakika ishirini, akanunuliwa soda. Halafu simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Zabibu aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Ilipofika saa kumi na moja mioyo ilikuwa saba, na mmoja wao ulikuwa wa mwalimu wa Iguguno, jina lake Rahabu, mwenye mwanya na kofia ya jua. Laurenti akambonyezea wake. Mechi. Ujumbe ukaja palepale.

Ndama ningemwita Karanga. Lakini mimi niko humu tangu mwaka jana na nimeshawaona wanaume wote wa Singida mpaka wamejirudia. Wewe ulikuwa wapi?

Leah na Zabibu walianza kumwamuru majibu, kila mmoja lake. Laurenti aliwageuzia mgongo, akaandika mwenyewe, polepole, ukweli mtupu.

Nilikuwa nimefunga Kwaresima.

Nukta tatu zikacheza kwenye kioo, zikapotea, zikacheza tena.

Mpaka Agosti? aliandika Rahabu. Pole jamani. Utakuwa na njaa sana. Jumapili nitakuja mjini, tule chakula gani?