Moyo wa Bluu wa Gyu-tae

Miaka minne Gyu-tae alikataa kuweka moyo. Wanaume wengine wa mji wa Daegu, Korea, hata wale wanaotembea wamekunja uso kama wanadaiwa na dunia nzima, huweka kialama cha moyo kwa ajili ya mpenzi wao chini ya jina lao kwenye programu ya ujumbe ya simu, na idadi ya siku walizokaa pamoja pembeni yake. Yeye ile nafasi aliiacha tupu. "Mimi si mwanafunzi wa sekondari," alisema kila alipoulizwa, na Bo-kyung, mpenzi wake, akabadilisha mazungumzo.

Basi siku moja ya Mei, Bo-kyung akiwa kazini kwenye duka la miwani, aliona moyo mmoja wa bluu umekaa chini ya jina la Gyu-tae. Bila neno, bila tarehe. Moyo tu. Alijifungia stoo, akampigia rafiki yake Ye-sol.

"Ameweka," alisema. "Gyu-tae ameweka moyo."

"Rangi gani, dada?"

"Bluu."

"Haya, hongera. Umevumilia vya kutosha."

Jioni alimuuliza Gyu-tae kwa nini bluu, na si zambarau, maana kila anayemfahamu Bo-kyung anajua zambarau ndiyo rangi yake. Gyu-tae alisema bluu ni rangi ya timu yake ya mpira, na mama yake akiona nyekundu ataanza kuulizia harusi. Jibu lilitosha. Mwanamke aliyekaa na njaa miaka minne haanzi kukagua sahani.

Bo-kyung alitamani kuweka bluu naye, walingane kama wapenzi wengine, ila hakuweza. Alikuwa msimamizi wa mashabiki wa kundi la muziki la Naru hapa Daegu, watu mia tatu na ushee, na sheria za mioyo alizitunga mwenyewe kwa mkono wake. Waimbaji wa Naru ni wanne. Haram ni bluu, Dojun, mtu wa Bo-kyung mwenyewe, zambarau, Ijin nyeusi, Seyul njano. Shabiki huweka pembeni ya jina lake moyo wa mtu wake, mmoja tu. Ukiweka miwili iliyogusana, zambarau na bluu, unatangaza kwamba unaamini Dojun na Haram wanapendana kwa siri, na hapo utapata maadui ambao hukuwahi kuwatafuta. Nyekundu haitumiki. Nyekundu ni ya wapenzi na ya akina mama, ambao huimwaga kumi kumi wakikuuliza kama umekula. Na kwa kuwa njano duniani kote ni moyo wa urafiki, moyo wa mtu unayempenda bila makuu, wao wakikusudia urafiki huweka njano mbili, ili Seyul asije akaingizwa kwenye mambo yasiyomhusu.

Yote haya Bo-kyung alimfundisha Ye-sol miaka sita iliyopita, walipokutana kwenye foleni ya mkahawa siku ya kuzaliwa ya Haram, kila mtu anangoja kikombe chenye picha ya mwimbaji. Ye-sol alikuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja, mwepesi wa kucheka, na wa bluu tangu siku hiyo. Bluu kwenye ukurasa wa mashabiki, bluu chini ya jina lake kwenye simu. Macho ya Bo-kyung yaliuzoea moyo ule kiasi cha kutouona tena. Ujumbe wao wenyewe uliishia kwa njano mbili, kila siku, hata siku waliyonuniana kwa ajili ya tiketi.

Mwezi Juni Haram aliendesha gari amelewa, akamgonga mzee wa kusukuma mkokoteni, akakimbia. Kufika saa nne asubuhi kampuni yake ilikuwa imemtoa kundini.

Mashabiki wa bluu walilia siku moja, siku ya pili wakaanza kazi. Mtu wako akiharibu, unamfuta. Unashusha picha, unagawa kadi zake, unabadilisha moyo. Anayehamia kwa mwimbaji mwingine anavaa rangi ya huko. Anayeomboleza anaweka mweusi, na watu wanaelewa si mweusi wa Ijin, kwa sababu umekaa mahali palipokuwa na moyo mwingine. Bo-kyung aliandika tangazo: ikifika Ijumaa, asionekane mtu mwenye bluu popote, si kwenye ukurasa wa mashabiki wala kwenye simu yake binafsi. Kubaki na bluu ni kumtemea mate mzee wa watu aliyelazwa hospitali.

Ijumaa ikafika. Kwenye ukurasa wa mashabiki Ye-sol alikuwa amehamia njano, kwa Seyul, haraka na bila machozi. Kwenye simu, chini ya jina lake, bluu ilikuwa palepale.

Maneno yakaanza kwenye kundi la mashabiki.

"Ye-sol anatufanya wajinga. Huku njano, kule bluu."

"Labda simu yake haina kitufe cha kufuta."

"Kama bado anampenda mlevi wake aseme, tumchangie leso."

Bo-kyung alisimama upande wa rafiki yake. Aliandika aya nne ndefu, akasema moyo hauhamishwi kama kochi, akasema yeye binafsi anamheshimu mtu anayeshindwa kusahau upesi, na atakayemgusa Ye-sol amemgusa yeye. Sheria yake mwenyewe akaipinda hadharani. Watu wakanyamaza, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira. Ye-sol akamtumia njano mbili na maneno mawili: sitakusahau dada.

Aliyemzindua alikuwa mama Gam Sun-deok, mwanachama mkubwa kuliko wote, miaka hamsini na mbili, mpishi wa shule, shabiki wa Ijin. Kesho yake alipita dukani kubadilisha lenzi. Alikaa kwenye kiti cha kupimia macho, akasema huku anatazama ubao wa herufi:

"Msimamizi, usinichukie. Mimi nimewafuta waimbaji watano maishani mwangu, na kila mmoja nilimlilia. Wanafutika. Yule mtoto Ye-sol alibadilisha kule tunakomwona wote, akaacha kule wanakomwona watu wake. Mtu anayeomboleza hufanya kinyume."

"Una maana gani, mama?"

"Maana yangu ile bluu si ya Haram. Ana mwanamume, na mwanamume huyo naye ana bluu. Wapenzi wa siku hizi wanalinganisha, hata binti yangu. Muulize tu ni nani, mfurahi pamoja. Haya, nipime."

Bo-kyung alimpima. Mama Gam alipotoka, alifungua simu, akaweka jina la Ye-sol juu na la Gyu-tae chini, mioyo miwili ya rangi moja, na akajiambia kwamba bluu ni rangi ya watu wengi. Nusu ya vijana wa mji huu wana timu ya mpira. Alijisemea hivyo mara nyingi, na hakuna mara hata moja aliyojiamini.

Kumuuliza hakuweza. Alichofanya ni kumtumia ujumbe Gyu-tae saa saba mchana: "Bluu imekuwa aibu kwetu, watu wanadhani na wewe unamtetea Haram. Niwekee zambarau, tafadhali. Mara hii tu."

Kama ni bluu ya mpira, atacheka na kubadilisha. Kama ni ya mtu, atamuuliza mwenyewe kwanza. Alimwomba Mungu yeye Bo-kyung ndiye awe mjinga, aonekane mjinga, achekwe na mji mzima, ila Gyu-tae aweke zambarau.

Saa saba na dakika ishirini hakuna kitu. Saa nane kasorobo moyo wa Gyu-tae ukabadilika. Mweusi.

Bo-kyung hakumtazama Ye-sol mara moja. Alimhudumia kwanza mteja, akamfungia fremu, akainama kumshukuru. Kisha akafungua. Chini ya jina la Ye-sol, moyo mweusi. Walikuwa wamekubaliana rangi mpya chini ya saa moja, wale wawili, na hawakupoteza hata dakika moja kubaki bila kulingana.

Alimpigia Gyu-tae. Alipokea kwenye mlio wa sita.

"Tangu lini?" Bo-kyung aliuliza.

"Bo-kyung, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Tangu lini?"

Nyuma ya Gyu-tae mashine za kiwanda chao cha fremu za miwani zilikuwa zinasaga. "Machi," alisema. "Nilitaka kukuambia. Ye-sol alisema tusubiri msimu wa matamasha uishe, una mambo mengi."

"Nilikuomba moyo miaka minne. Ukasema wewe si mtoto wa shule."

"Yeye hakuniomba," Gyu-tae alisema, na kwa sauti yake ilionekana kweli alidhani hilo ni jibu la kistaarabu.

Bo-kyung alikata simu. Kilichomuuma zaidi, na alijionea haya kwamba ndicho kilichomuuma, ni ile siku ya Mei stoo. Alimpigia Ye-sol kumsimulia furaha yake, na Ye-sol akamuuliza rangi gani. Alikuwa anaijua. Aliuliza ili asikie kama dada yake ameelewa, na aliposikia hajaelewa, akampongeza.

Ujumbe wa Ye-sol ukaingia. Ulikuwa mrefu, una samahani saba, unasema haikupangwa, unasema dada ni dada. Mwishoni njano mbili. Bo-kyung aliusoma wote, akaufuta, akazuia namba.

Kisha akafungua kundi la mashabiki. Watu walikuwa wameshaona mweusi wa Ye-sol na kuusoma kama walivyofundishwa: bluu imetoka, mweusi umekaa mahali pake, mwenzetu ameanza kuomboleza. Mioyo myeusi ilikuwa inamiminika.

"Pole Ye-sol. Tulikusema vibaya."

"Msimamizi alikuwa sahihi. Mwacheni mtu alie kwa wakati wake."

"Umejikaza mdogo wangu, kula kitu cha moto leo."

Aliandika, "Yule haombolezi Haram." Akafuta. Akaandika jina la Gyu-tae. Akafuta pia, kwa sababu kila sentensi iliyofuata ilihitaji aeleze aya nne zile alizomtetea nazo, na bado zilikuwa juu kidogo kwenye ukurasa, na watu wanaendelea kuzisifu.

Alichoweza kufanya kilikuwa kimoja. Alikwenda chini ya jina lake mwenyewe, akautoa ule moyo wa zambarau aliokaa nao miaka saba. Hakuweka kitu badala yake. Alitaka tu pawe tupu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Alivua koti la kazi, akakaa kwenye kiti cha kupimia macho, simu mapajani.

Haikupita dakika tano ikaanza kutetemeka. Ujumbe kumi, ishirini, arobaini. Watu ambao hawakumwandikia mwezi mzima walikuwa wanamtafuta kwa jina, na kwa sekunde chache alidhani kuna aliyegundua, aliyeona pale pameachwa wazi akajiuliza kama yuko salama. Alifungua kwa haraka, machozi yameshaanza kumtoka.

"Msimamizi ametoa zambarau. Kuna nini?"

"Dada tuambie ukweli, Dojun amefanya nini?"

"Dojun naye? Amegonga mtu?"

"Mungu wangu, Dojun wetu, msimamizi jibu basi, tunakufa huku."

Aliendelea kusogeza chini, ujumbe baada ya ujumbe, akimtafuta hata mmoja aliyeuliza habari zake yeye.