Kurasa Kumi za Majaribio

Juu ya karakana ya mchomelea vyuma kulikuwa na chumba chenye meza moja ya mbao, viti vitatu vya plastiki, na wasomi watatu wenye shahada zao. Kazi za kuajiriwa zilikuwa zimeadimika kama maziwa ya kuku, basi walichanga, wakavuta intaneti, wakawa wanaomba kazi za tafsiri kwa wateja wa ng'ambo kupitia mtandao mmoja wa kazi. Binti waliyemwita Kamusi ndiye pekee aliyekuwa hajapata hata nyota moja ya sifa kwenye mtandao ule. Na bila nyota ya kwanza, mteja anakuruka kama dimbwi.

Ndiyo maana mteja wa kitabu cha ufugaji wa kuku alipomtaka atafsiri kurasa kumi za majaribio, bure, kabla ya mkataba wowote, Kamusi alishukuru. Akatoka jasho siku tatu. Ikabaki kutuma tu.

"Jamani, ukurasa wangu wa ishirini na moja unaanzia katikati ya sentensi: 'na maranda yabadilishwe kila wiki,'" alisema Kamusi.

Profesa, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani tu, aligeuka taratibu. "'Vyombo vya maji vioshwe kila siku...' Wangu wa ishirini unaishia hapo. Nilituma jana."

"Mimi nilituma juzi," alisema Kaka Mkubwa, aliyewazidi wote umri. "Moja mpaka kumi."

Kitabu kilikuwa na kurasa thelathini.

"Tumekamuliwa," alisema Kaka Mkubwa, "na asante tukasema."

Kamusi aliivuta kompyuta yake. Akamwandikia mteja kwamba hatumi kitu. Jibu lilirudi upesi, tamu kama asali: wengine wameshindwa majaribio, yeye ndiye bora. Atume zake, kisha aziunganishe na hizi nyingine zisomeke kama za mkono mmoja. Mkataba leo hii, malipo kidogo, na nyota tano. Kurasa za wenzake zimeambatishwa, majina yamefutwa.

Akawasomea kwa sauti.

"Chukua, dada," alisema Kaka Mkubwa. "Nyota ni nyota."

"Niwafulie nguo zenu zilizoibwa, nimkabidhi mwizi zikiwa safi?"

Alikataa, akamshtaki mteja kwa wenye mtandao. Wakajibu watachunguza.

Haikupita saa, kompyuta ya Profesa ikalia. Alisoma, akaielekeza ukutani.

"Ni yeye?" aliuliza Kamusi.

Profesa alifuta miwani. "Sasa anasema mimi ndiye bora. Zile kurasa zako kumi, dada yangu... si huzitumii tena? Nipe basi."

Kamusi alimtazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga. Akalifuta faili lote mbele ya macho yake.

"Roho mbaya hiyo," alisema Profesa, akaanza kuzitafsiri mwenyewe kurasa zile kumi.

Kamusi akafungua dirisha. Moshi wa kuchomelea ukaingia, akaona afadhali huo.