Barua Kuhusu Kuzidisha kwa Kumi na Moja

Mwalimu wa hesabu alikuwa bado mgeni kazini, na aliamini kwamba mtu akielezwa jambo kwa upole na kwa mifano, ataelewa. Ndiyo maana wazazi wa darasa la tano walipoanza kulalamika hakukasirika. Aliketi akawaandikia barua.

Malalamiko yenyewe yalikuwa na msingi. Watoto walikuwa wameona kwenye simu za wakubwa zao njia za mkato za kila namna: kuzidisha kwa tisa kwa kukunja vidole, kuzidisha kwa tano kwa kuweka sifuri na kugawa nusu. Kisha wanarudi nyumbani na mazoezi ya kupanga namba juu na chini, mstari juu ya mstari. Wazazi wakauliza: kuna haja gani ya kuzunguka mtaa mzima kufika nyumba ya jirani?

"Binti, wazazi hawasomi barua," mwalimu wa sayansi alimwambia, akichovya mkate kwenye chai. "Wanatafuta tarehe ya kufunga shule, wakiiona wanafungia vitumbua."

"Hii wataisoma."

"Haya. Mimi yangu macho."

Aliandika hivi:

"Wazazi na walezi wapendwa, sikatazi njia za mkato. Nazipenda, na mimi mwenyewe huzitumia. Lakini kila moja ina mlango wake mmoja. Ya vidole inaijua tisa tu. Ya kugawa nusu inaijua tano. Njia ya kawaida haichagui namba. Mtoto akipewa 46 mara 38, atazidisha 46 kwa 8, apate 368. Kisha 46 kwa 30, kwa sababu ile tatu imekaa kwenye nafasi ya makumi, apate 1,380. Atajumlisha: 1,748. Hakuna uchawi. Kila tarakimu inapewa thamani ya mahali ilipokaa. Na mtoto akikosea, hatua zake zote ziko kwenye karatasi. Tunaweza kurudi pamoja tukaona alipoteleza."

Hapo akaona panahitajika mfano wa njia ya mkato iliyompoteza mtu. Hakuutafuta mbali. Katika rundo la mazoezi mezani kulikuwa na moja la 57 mara 11, na jibu lake alilisoma 5,127. Akaendelea:

"Ukizidisha 23 kwa 11, unaweza kutenganisha 2 na 3, kisha ukaweka jumla yao katikati: 253. Ni sahihi kabisa. Lakini mtoto mmoja alifanya hivyohivyo kwa 57. Tano na saba ni kumi na mbili, akaisukuma yote katikati, akapata elfu tano mia moja ishirini na saba. Mara kumi tu ingekuwa 570. Mara kumi na moja itafikaje elfu tano? Jibu ni 627. Aliikariri njia, lakini hakujua kwa nini inafanya kazi."

Jina hakuliandika. Alijiona ameficha vya kutosha.

Barua ilisomwa. Baba mmoja alimsimamisha getini kumwambia kwamba sasa na yeye ameelewa kuzidisha, baada ya miaka yote hiyo. Mwalimu mkuu aliibandika kwenye ubao wa matangazo. Kwa siku chache mwalimu wa hesabu alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Darasani mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na msichana ambaye wenzake walimwita Kumi na Moja, kwa kuwa namba nyingi mara kumi na moja alikuwa akizijibu kabla chaki haijatua. Asubuhi moja alipoingia, mtu wa nyuma alisema, "Elfu Tano huyo kafika."

"Elfu Tano, nigawie hata mia, mwenzio sijanywa chai."

Darasa likacheka. Mwalimu aliwakemea, lakini huku akikemea alijua aliyeanzisha ni yeye. Darasa zima lilikuwa na mtoto mmoja tu wa njia ile. Kuacha jina lake kulikuwa kama kujifunika uso kwa chekeche.

Tangu siku ile msichana hakuzidisha tena. Alijumlisha, alitoa, aligawa kidogo, lakini palipokuwa na alama ya kuzidisha aliacha karatasi nyeupe. Aliitwa ubaoni akasimama na chaki mkononi, ameinamisha kichwa, mpaka kengele ikalia. Mwalimu alimwomba radhi faraghani. Msichana aliitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu zote, na kesho yake karatasi ikarudi nyeupe vilevile.

"Mtihani wa kupanda darasa nusu yake ni kuzidisha," mwalimu mkuu alisema. "Akiendelea hivi atarudia mwaka. Na si mtoto mjinga huyu."

"Si mjinga hata kidogo. Nilidhani ile njia kaitoa kwenye simu."

Mwalimu mkuu alimtazama. "Kwani hukuambiwa? Ile ni ya baba yake. Alikuwa fundi vigae. Alimfundisha ili amsaidie kuhesabu vigae vya kununua, safu ngapi mara ngapi. Alifariki likizo iliyopita, kabla hujahamia kwetu. Kwenye daftari la mahudhurio lipo jina la mama tu."

Mwalimu wa hesabu alitafuta kiti.

Jioni hiyo alikwenda kwa dobi mahali mama wa msichana alipokuwa akipiga pasi. Palikuwa chumba chembamba chenye joto la kukausha midomo, mashati yametundikwa juu kama watu waliopanga foleni. Dobi mwenyewe, mzee wa tumbo kubwa, alimkagua toka begani hadi miguuni.

"Karibu, mwalimu. Sketi hiyo imekuja kwa miguu yake au umeileta wewe? Maana inalia pasi."

"Nimemfuata mama, mzee wangu."

"Basi pita. Lakini sketi naiona, mwanangu. Naiona."

Mama alikuwa amesimama kwenye meza ya nyuma, akipiga pasi shuka. Msichana alikuwa kando yake akikunja zilizokwisha. Alipomwona mwalimu alikunja kwa haraka zaidi.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," mwalimu alisema. "Barua ile. Sikujua habari za marehemu. Poleni sana."

"Tumeshapoa, mwalimu." Mama hakuacha kupiga pasi. "Na barua yako haikuwa na uongo. Niliisoma mara mbili. Kama ungekuwa umedanganya, ningekuja shuleni tukagombana, yakaisha. Lakini umesema kweli, sasa nikugombeze kwa lipi? Mtoto alikuja akaniuliza kama baba yake alikuwa hajui hesabu. Nikakosa la kumjibu. Mimi na hesabu ni paka na maji."

"Baba alikuwa anajua," msichana alisema, macho kwenye shuka.

"Alikuwa anajua," mwalimu alikubali. "Njia yake ni ya kweli."

"Wewe ulisema imekosea. Na sikuandika elfu tano."

"Uliandika nini?"

Msichana alichukua shuka nyingine. Mama akasema, "Sema, mwanangu. Mwalimu amekuja mpaka huku."

"Niliandika tano. Nikaacha nafasi. Nikaandika kumi na mbili. Nikaacha nafasi. Nikaandika saba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe ndiye uliyeziunganisha."

Mwalimu aliikumbuka ile karatasi, namba zilizoachana ambazo yeye alizidhania ni mwandiko mbaya. Alivuta kipande cha karatasi ya kufungia nguo, akaandika: 5, kisha 12, kisha 7, kila moja mbali na mwenzake. Alizisoma upya, nafasi kwa nafasi.

"Hukukosea," alisema hatimaye. "Hapa ni mamia matano. Hapa ni makumi kumi na mawili. Hapa ni mamoja saba. Thamani yake ni 627 kamili. Ni kwamba tu ilikuwa haijamalizika kuandikwa."

"Najua haijamalizika. Baba alisema zikizidi tisa kuna kipande kingine. Alisema atanionyesha akitoka hospitali."

Pasi ilisimama. Mvuke ulipanda kidogo, mama akaiinua haraka isiunguze.

"Basi ndiyo maana uliacha nafasi," mwalimu alisema.

"Nilikuwa nimemwekea."

Mbele, dobi alikuwa akimhesabia mteja nguo zake, soksi moja haina mwenzake. Mwalimu aliishika kalamu bila kujua aifanyie nini. Katika barua yake aliandika kwamba mtoto amekariri bila kuelewa. Na huyu alielewa kuliko wote, mpaka akajua hasa mahali asipojua.

"Kipande hicho kipo katika njia tunayojifunza darasani," alisema taratibu. "Si njia nyingine. Ya baba yako ni hiyohiyo, imefupishwa. Lakini sitakuonyesha kama hutaki."

"Ukinionyesha, hatakuwa na cha kunionyesha."

Mama aliiweka pasi wima. Alimshika mtoto mabega, akamgeuza.

"Mwanangu, baba harudi," alisema. Ilionekana ni maneno ambayo hajawahi kuyatoa kinywani mbele ya mtoto. Yalitoka moja moja. "Hata ukimwekea nafasi namna gani. Mtihani utakuja, utakukuta umesimama pale pale unamngoja. Yeye hakukufundisha ili usimame."

Msichana alilia bila sauti, kisha akaivuta karatasi mwenyewe. Aliandika 57, chini yake 11, akapiga mstari. Hamsini na saba mara moja, akaandika 57, saba ikiwa chini ya mamoja. Mara kumi, akaandika 570 chini yake. Akaanza kujumlisha kutoka kulia. Saba na sifuri, saba. Tano na saba, kumi na mbili. Hapo kalamu ilisimama.

"Makumi kumi na mawili," mwalimu alinong'ona. "Kumi kati ya hayo yanafanya nini?"

"Yanafanya mia."

"Na mia inakaa wapi?"

Aliandika mbili. Moja aliibeba, akaiweka ndogo juu ya ile tano ya mamia. Tano na moja, sita.

627.

Aliitazama. Mwalimu alingoja furaha ile aliyokuwa ameizoea, macho ya mtoto yanapofunguka, lakini haikuja.

"Ni hiki tu?" msichana aliuliza.

"Ni hiki."

"Ni kidogo hivi?" Aliigusa ile moja ndogo. "Mbona angeweza kunionyesha siku ile ile. Kabla hawajamchukua. Ingekuwa dakika."

Mwalimu alimgeukia mama.

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyokuwa imechoka. "Alikiacha makusudi, mwanangu. Namjua. Alikuwa anataka awe na jambo la kumrudisha nyumbani."

Msichana alilala kifudifudi juu ya rundo la shuka zenye joto, akalia kama mtu aliyeletewa habari leo. Mama aliichomoa pasi ukutani, akaketi kando yake, mkono mgongoni. Hapakuwa na cha kufundisha tena. Mwalimu alitafuta ncha mbili za shuka iliyokuwa imebaki, akaanza kuikunja.