Chai ya Kamene

Februari 2008, majuma machache baada ya vibanda vyao vya Soko la Toi, Nairobi, kuteketea katika ghasia za uchaguzi, mafundi wa cherehani walikutana mtaa wa Ayany. Kamene hakuwepo. Alikuwa amekimbilia kwa dada yake, mtaani Gatina, na alikuwa amesikia kwamba waliohama wametolewa kikundini.

Katibu wao, Mbula, alibaki na kurasa saba za kumbukumbu, nusu yazo kelele tupu.

"Huo ugomvi usimtumie mtu," mwenyekiti Murunga alimwambia. "Andika tulichoamua, nani afanye nini, na lini. Mengine yalale kwenye daftari."

Mbula akaandika: Imeamuliwa kwamba hakuna mwanachama aliyetolewa, na tutajenga upya Jumamosi tarehe 16. Murunga alete mbao kufikia Alhamisi. Mbula, misumari kufikia Ijumaa.

Hapo kalamu ikasita. Desturi yao ilikuwa kumtwika asiyehudhuria kazi inayokwepwa na wote, yaani chai, na hata safari hii walimtwika Kamene.

"Murunga, mtu ameunguliwa na kila kitu. Nimfute?"

"Ukimfuta, utakuwa wewe ndiye uliyemtoa."

Akaandika: Kamene, chai ya watu kumi na tisa, Jumamosi saa nne asubuhi. Karatasi ikapelekwa Gatina.

Jumamosi, saa nne kasorobo, birika kubwa lilitangulia, Kamene nyuma yake.

"Nyinyi hamna haya! Na haya masaibu yote, bado mnanipa chai?"

"Sukari umeweka?" Murunga akauliza.

"Nyoosha mbao yako kwanza, mzee," akasema, akijifuta macho kwa leso, na kummiminia Mbula kikombe cha kwanza.